Mfungue Mbuzi Kabla Hujaketi

Desemba ya mwaka juzi, kwenye harusi moja Kibosho, mzee mmoja alisimama, akapokea kipaza sauti, akakigonga mara mbili kama anayebisha hodi, akaanza na hadithi. Alipokuwa na miaka tisa, alisema, aliachiwa mbuzi amlinde. Akamfunga kwenye mti wa kahawa kwa kamba fupi, akaenda zake kucheza mpira wa makaratasi. Giza likaingia, ukungu ukashuka kutoka msituni, na upande ule alikomfunga mbuzi akasikia kitu kinakanyaga majani makavu ya migomba. Kitu kizito, kisicho na haraka.

Turubai zima lilinyamaza. Hata vijana wa vinywaji waliweka kreti chini.

Mzee akakohoa. "Basi, nisiwachoshe," akasema, akaingia kwenye shukrani. Aliishukuru kamati ya maandalizi, akaishukuru kamati ndogo ya chakula, akaushukuru ukoo wa huku na ukoo wa kule. Akagusia bei ya kahawa. Akawaasa maharusi wamche Mungu, akawakumbusha vijana wajenge nyumbani pia, si Dar es Salaam tu. Baada ya dakika ishirini na mbili akatangaza kwamba hana mengi, akaketi. Tukampigia makofi ya adabu. Bibi mmoja niliyekaa naye meza ya nyuma, ambaye tangu supu hakuwa amefungua mdomo ila kwa kijiko, akanigeukia na kuniuliza, "Na mbuzi je?"

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe ambaye Desemba hii utapanda Noah pale Moshi mjini na suti imetundikwa begani, ukielekea Marangu, Machame, Uru au Rombo, na unajua fika kwamba saa tatu usiku MC atakuita useme "neno". Utasema, hilo halizuiliki. Ninachokuomba ni kwamba ukianza na hadithi, umalize nayo. Na kama hutaki, nitakuonyesha pia njia za uhakika za kuharibu, maana nimezishuhudia zote, na nyingine nimezitumia mwenyewe.

Ikate ikiwa bado mbichi

Kosa la kwanza hutokea mapema sana, kabla hata msemaji hajajua kuwa amekosea: anaisimulia hadithi yake ya kufungulia mpaka mwisho. Mbuzi alifungwa, chui akaja, mbuzi akapona, tukafurahi sana. Akishafika hapo hana kitu cha kurudia. Ameshakula akiba ya mbegu, halafu mwisho wa hotuba anashangaa shamba halina kitu.

Kwa hiyo hadithi ya kufungulia lazima uikate, na uikate mahali panapouma. Mahali penyewe ni pale ambapo msikilizaji ameshajua nani yuko hatarini na nini kinakosekana, lakini hajajua kilichotokea. Yule mzee wa Kibosho, tumpe haki yake, aliikata pazuri ajabu. Angelirudi tu, leo ningekuwa namwandikia sifa.

Pamoja na kuikata, ibebeshe kitu kimoja. Nasema kitu, nikimaanisha kinachoshikika: kamba, jembe, kiatu, kanga, sufuria isiyo na mfuniko. "Upendo" si kitu. "Umoja wa ukoo" si kitu, hata kama umeandikwa kwenye fulana za kamati. Siri yenyewe ni kwamba mwisho wa hotuba huna muda wa kuirudisha hadithi nzima, una muda wa kulirudisha neno moja tu, na neno hilo litavuta hadithi yote nyuma yake kama ndoo inavyofuata kamba kutoka kisimani. Ukiweka vitu vitano mwanzoni, mbuzi na kamba na mpira na ukungu na shati la shule, hakuna atakayejua mwisho avute kamba ipi.

Kanga ya Marangu

Sasa nikupe mtu aliyefanya vizuri, ili usidhani nimekuja kulalamika tu. Ni baba mdogo wa bibi harusi, Marangu, na alipewa dakika saba. Kwa mwendo wa mzee asiyekimbizwa, dakika saba ni maneno mia saba hivi, au pungufu kidogo ukitoa za kusubiri kipaza sauti kiache kulia. Alisalimia, akatoa shukrani zake zote hapo hapo kwa nusu dakika, mara moja, kwa pamoja. Halafu akaanza.

"Utotoni kwangu zamu yetu ya maji kwenye mfongo ilikuwa inaangukia Alhamisi usiku," alisema. "Baba alikuwa mgonjwa wa mguu, akanituma mimi. Nina miaka kumi na mmoja, jembe, na kibatari. Kazi yenyewe si kubwa. Unasubiri saa yako ifike, unaondoa udongo na vigogo vya mgomba vilivyoziba mdomo wa mfereji wenu, unaziba kwa yule aliyemaliza, maji yanaingia kihambani. Nikakaa chini kusubiri. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka kumekucha, na nimefunikwa kanga. Si ya mama yangu. Za mama yangu nilikuwa nazijua zote mbili. Nikaangalia kihamba chetu: kimelowa, mgomba kwa mgomba. Nikarudi nyumbani, baba akanisifu mbele ya watu. Nikazipokea sifa. Kanga nikaificha."

Akanyamaza kidogo, akawageukia maharusi, akaanza mambo mengine kabisa.

Wasomaji wasiotoka mlimani wavumilie nieleze jambo moja, maana bila hilo hadithi haina meno. Mfongo ni mfereji wa kienyeji unaochepusha maji kutoka mtoni huko juu na kuyashusha kwenye vihamba, na maji yake hugawanywa kwa zamu. Zamu ikikupita umelala, imekupita. Migomba yako itasubiri mpaka zamu nyingine, na baba yako atakuwa na la kukuambia. Kwa hiyo mtoto aliyelala mfongoni kisha akakuta shamba limelowa amekutana na muujiza, au na mtu. Kila aliyekuwa pale chini ya turubai alikuwa anajua hivyo. Msemaji hakuhitaji kueleza ukubwa wa hatari. Alichagua hadithi ambayo hatari yake wasikilizaji wake wanaijua tangu tumboni, na hiyo ni nusu ya kazi.

Katikati ya hotuba alisema mambo matatu: kukiri kosa mapema, kutohesabiana fedha kila jioni, na kazi za nyumbani zisizo na mwenye kuzitangaza. Hadithi hakuigusa, isipokuwa mara moja, na kwa ncha ya kidole. Alipofika kwenye zile kazi za nyumbani alisema, "Ndoa ina kazi nyingi za Alhamisi usiku." Waliokuwa wamesikiliza wakacheka kidogo. Waliokuwa wanachati wakainua vichwa.

Kisha ukafika mwisho. Hakubadilisha sauti, hakuvuta pumzi ya kuashiria kwamba sasa sikilizeni. Alisema:

"Mama aliyenifunika usiku ule yuko meza ya pili, kulia kwangu. Ni bibi yake bwana harusi. Bibi, kanga yako imekaa kwetu miaka hamsini na mitatu. Leo tunairudisha, nayo imemfunika binti yetu."

Akaketi. Kulikuwa na ukimya wa pumzi moja, halafu upande wa akina mama ukatoka mguno wa chini, mrefu, kama watu walioguswa mahali pamoja, ndipo vigelegele vikapasuka. MC hakupata nafasi ya kusema "makofi tafadhali". Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: ukimya, mguno, kisha kelele. Yakianza makofi bila ukimya, walikuwa wanakusubiri umalize. Ukiombewa makofi na MC, ndugu yangu, pole.

Alivyolipika jambo lile

Kesho yake nilimfuata nyumbani, tukakaa kwenye bakuli la mtori, akanionyesha daftari lake la mistari. Nilidhani nitakuta kipaji. Nilichokuta ni mistari iliyokatwa.

Mwisho ndio aliouandika kwanza. Sentensi zile nne za bibi na kanga zilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, zimeandikwa kwa wino wa bluu, na aliendelea kuzipunguza mpaka zikawa fupi vile. Baada ya hapo ndipo alipojiuliza: ili mstari huu wa mwisho ugonge, watu wawe wamejua nini? Wajue zamu, wajue usingizi, wajue kanga, wajue kwamba aliificha. Basi. Kila kitu kingine kikatolewa. Katika rasimu ya kwanza kulikuwa na mbwa wa jirani, tochi iliyokuwa imeazimwa, na maelezo marefu ya mguu wa baba yake ulivyoumia. Vyote vimepigwa mstari. "Mbwa alikuwepo kweli," aliniambia kwa huzuni kidogo, "lakini mwisho hana kazi."

Rasimu hiyo ya kwanza ilikuwa na ugonjwa mwingine mkubwa zaidi. Ilianza hivi: bibi yake bwana harusi alikuwa jirani yetu wa mfongo. Mkewe alipoisoma alimrudishia daftari na kumwambia, "Ukishamtaja bibi mapema, watu watakula." Alikuwa na haki. Jina la mwenye kanga ndilo lilikuwa kitu pekee kilichobaki kwenye akiba. Ukilitoa mlangoni, hutakuwa na cha kutoa sebuleni. Tofauti ya hotuba ile ya kwanza na ile niliyoisikia ni kuhamisha habari moja kutoka juu kwenda chini. Mambo mengine yalikuwa yale yale.

Halafu alifanya kitu ambacho wengi hawafanyi. Wiki moja kabla ya harusi alimwendea yule bibi, akamwomba ruhusa ya kumtaja, na akahakikisha atakaa meza inayoonekana. Ukiujenga mwisho wako juu ya mtu aliye hai, hakikisha yupo, anasikia, na hataona haya. Bibi alikubali. Usiku ule aliukumbuka vizuri, maana zamu yake ndiyo iliyokuwa imetangulia. Alimaliza, akamkuta mtoto amelala, akamfungulia maji. Ila alipoambiwa habari ya kanga alishangaa. "Kanga gani?" aliuliza. Miaka hamsini na mitatu mtu mmoja ameibeba kanga kifuani, na mwenyewe hakujua kama imepotea. Baba mdogo aliamua hilo lisisemwe jukwaani, na naona aliamua vizuri, ingawa mimi ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Mlima unavyofanya

Anayekaa Moshi mjini ana mwalimu wa jambo hili juu ya kichwa chake. Asubuhi Kibo kiko wazi, cheupe, unaweza kukihesabu mikunjo. Ikifika saa nne au tano mawingu yanapanda na mlima unapotea; mgeni aliyeshuka basi mchana anaweza kuapa kwamba amedanganywa. Jioni mawingu yanafunguka, na kilele kinatokea tena kikiwa na rangi nyingine. Ni mlima ule ule, lakini watu husimama barabarani kuutazama kama hawakuuona asubuhi.

Hadithi yako ifanye hivyo. Ionekane mwanzoni, ifunikwe katikati, itokee jioni na rangi nyingine. Wapo wanaoogopa kuifunika. Hawa huitaja kanga kila baada ya dakika moja: kanga ni kama ndoa, kanga ina pindo, ndoa nayo ina pindo. Wamegeuza hadithi kuwa kibwagizo. Kibwagizo ni kitu kizuri, washairi wetu wanakijua na wasikilizaji wanakiitikia, lakini kazi yake ni nyingine: hurudi kila ubeti ili kukazia. Unachotaka wewe ni kitu ambacho watu wameanza kukisahau, ili kikirudi wakikumbuke wenyewe. Raha yote iko kwenye kule kukumbuka. Ukiwashikisha mkononi muda wote hawana cha kukumbuka.

Na ile rangi nyingine ni sharti. Hadithi ikirudi vile vile ilivyoondoka, umejirudia tu. Mwanzoni kanga ile ilikuwa aibu ya mtoto aliyepokea sifa za mtu mwingine. Mwishoni ikawa deni kati ya koo mbili, na mahari ya namna yake. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni uzito. Hapa walimu wetu wa insha walituharibu kidogo, maana walitufundisha tusirudie neno, tutafute visawe. Ukianza na "kanga", usimalize na "vazi lile" wala "kitambaa cha upendo". Sikio la msikilizaji limehifadhi "kanga". Ukilipelekea kisawe litakuuliza kitambulisho.

Mwalimu na kilele

Nikitaja Kilimanjaro na hotuba siwezi kumpita Mwalimu Nyerere, hasa kwa kuwa alichofanya yeye ni marejeo marefu kuliko yote ninayoyajua, na wengi hawayahesabu kama marejeo. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yao, ulete tumaini palipokuwa na kukata tamaa, upendo palipokuwa na chuki, na heshima palipokuwa na kudhalilishwa. Kwa Kiingereza alisema mshumaa. Sisi kwa Kiswahili tunaukumbuka kama mwenge.

Tazama alivyofanya. Alishika kitu kimoja kinachoshikika, akakipa mahali ambapo kila mtu anapajua, halafu akakiacha hewani. Nchi ilikuwa bado haijapata uhuru, na mlimani hapakuwa na mshumaa wala mwenge. Sentensi ikakaa wazi miaka miwili na mwezi na nusu. Ndipo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akawa kileleni na mwenge na bendera ya Tanganyika, na kilele kile cha mita 5,895, ambacho Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la Kaiza wao, kikaitwa Uhuru. Kilichoondoka mdomoni kama mshumaa kilirudi kama mwenge, kikiwa mahali pale pale palipotajwa. Kuanzia mwaka 1964 mwenge ukaanza kukimbizwa nchi nzima, lakini hiyo sasa ni habari ya kibwagizo.

Wewe huna miaka miwili. Una dakika saba, na nyuma yako yupo MC anayetazama saa. Kwa hiyo usijaribu kumwachia luteni amalizie, malizia mwenyewe.

Njia nne za uhakika za kuharibu

Ya kwanza ni kupiga honi. "Sasa ndugu zangu, nikirudi kwenye ile hadithi niliyoanza nayo pale mwanzo..." Umeshawaambia kinachokuja, na wewe ulitaka wakutane nacho gizani. Baba mdogo wa Marangu alianza mwisho wake na "Mama aliyenifunika", akaacha neno "kufunika" lifanye kazi ya honi bila kelele.

Ya pili ni fundisho. Sote tulipita shule ya msingi ambako kila hadithi ilikuwa na swali la mwisho, hadithi hii inatufundisha nini, na ugonjwa huo haujatutoka. Mtu anarudisha kanga vizuri kabisa, akina mama wameshaanza kuguna, naye anaongeza: "Kwa hiyo hii inatufundisha kwamba ujirani mwema ni jambo muhimu." Mguno unakatika katikati. Kama hadithi yako inahitaji kufafanuliwa baada ya kurudi, ulikosea kule juu, na huwezi kuirekebisha kwa mhadhara wa dakika za majeruhi.

Ya tatu ni mkia. Umemaliza, umerudisha, watu wamenyamaza, na wewe bado umeshika kipaza sauti. Kipaza sauti kina sumaku. Unajisikia ukisema "na mwisho kabisa", unamkumbuka shemeji aliyetoka Arusha ambaye hukumshukuru, halafu kuna Noah ya kijivu imeziba geti, mwenye nayo aisogeze. Hotuba nzima imekufa kwa sababu ya Noah. Shukrani na matangazo yawekwe mbele, kabla hata ya hadithi, na kipaza sauti ukikabidhi ukiwa tayari umeshaanza kukaa. Kukaa ni sehemu ya hotuba.

Ya nne si kosa lako peke yako. Kadi ilisema saa nane, shughuli ikaanza saa kumi na moja, na theluthi ya wageni watafika hadithi yako ikiwa imeshapita. Hawa hawajui kanga yoyote. Dawa yake ni lile guso la katikati, kama "kazi za Alhamisi usiku", na kwenye mstari wa mwisho kuweka neno moja linalobeba habari ya mwanzo. "Mama aliyenifunika usiku ule": aliyechelewa anapata kwamba kulikuwa na usiku, na mtu alifunikwa. Hatapata utamu wote, lakini hatabaki akimwuliza jirani yake wamecheka nini. Asiyetaka kupitwa aje saa nane.

Kuna pia suala la MC kukuonyesha vidole viwili kutoka mbali, maana yake umebakiza dakika mbili. Wengi hapo huongeza mwendo, wanayapitia yaliyobaki mbio, na muda unakwisha wakiwa kwenye jambo la pili kati ya matatu. Ukionyeshwa vidole, katikati ndiko pa kukata. Ruka jambo la pili na la tatu bila kuomba radhi, hakuna anayejua kwamba yalikuwepo, uende moja kwa moja kwenye sentensi zako nne. Ndiyo maana hizo nne zinatakiwa zikae kichwani hata kama mengine yote yako kwenye karatasi. Karatasi hupeperuka, hasa mahali penye upepo wa mlimani na turubai lisilo na ukuta.

Pasipofaa

Ufundi huu una mipaka yake. Kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa usiujaribu kabla hujasema bei ya kilo. Ushirika wa kahawa katika mlima huu una historia ndefu, KNCU ilianzishwa mwaka 1933, na kwa muda wote huo mkulima amekuja mkutanoni na swali moja. Ukimwanzia na babu yako na mche wake wa kwanza huku bei umeikalia, atasimama kabla mche haujatoa ua. Sema bei, ipokewe au ikataliwe, halafu ukitaka babu aje, na aje.

Msibani napo nenda polepole. Kumrudisha marehemu mwishoni kwa kitu chake kimoja, kofia yake au kata yake ya mbege, ni jambo linaloweza kuwapa watu faraja ya kweli. Lakini usiikate hadithi ya marehemu mahali penye taharuki ukawaacha wafiwa wakining'inia dakika sita wajue kilichompata. Wao wanajua kilichompata. Msibani hadithi isimuliwe nzima mwanzoni, na mwishoni kirudi kitu tu, kwa sauti ya chini.

Na kama huna hadithi, usiazime. Nimemsikia kijana akianza na tai aliyelelewa na kuku, ile ya kwenye mitandao, akamaliza na tai yule yule kwa ustadi wote niliouandika hapa, akakata pazuri, akarudi na neno lile lile, akaketi. Hakuna aliyeguna. Kule mlimani watu wana kuku, na hakuna aliyewahi kulea tai.

Nimebakiwa na jambo moja. Nimesikia kwamba mzee wa Kibosho ataitwa tena kusema neno Desemba hii, harusi ya mjukuu. Ukiwa miongoni mwa waalikwa, msogelee kabla hajapewa kipaza sauti, umwamkie vizuri, umwambie kuna bibi meza ya nyuma bado anaulizia mbuzi.